Rasto Aipa Nairobi Mgongo

Rasto Ojiambo hajawahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa, na anataka Busia nzima, huku Kenya na kule ng'ambo Uganda, ilijue hilo. Mwone siku ya soko akinunua viatu vya mitumba. Ataokota kiatu, atakinusa, atauliza bei, kisha atacheka kicheko kirefu cha msiba. Atauliza kama mwenye kiatu alikufa nacho mguuni. Halafu atakiweka chini polepole, atageuka, na kuanza kuondoka. Haendi haraka, maana masikio ameyaacha nyuma. Na muuzaji ataita tu: "Wee mzee, rudi bwana! Sema yako!" Hapo Rasto hurudi akiwa na uso wa mtu aliyelazimishwa.

"Mdomo huuliza bei," husema, hata kama hakuna aliyemuuliza, "lakini mgongo ndio hununua."

Basi huo mgongo wake ndio habari yenyewe.

Kazi ya Rasto ni kutoa mizigo forodhani. Lori likifika na mahindi, saruji au magodoro, yeye huingiza hati zake kwenye mfumo wa kompyuta, hufuatilia kodi, huomba, hubembeleza, hukimbia kutoka dirisha hili hadi lile, mpaka lori livuke. Ameifanya miaka mingi na anaijua vizuri, hilo hata adui zake hawambishii. Ila hana leseni. Anafanya kazi chini ya leseni ya tajiri mmoja wa Kisumu, na kila mzigo anaoutoa, tajiri hukatiwa chake hata kama siku hiyo alishinda amelala. Mwaka jana tajiri aligombana na watu wa kodi, leseni ikafungiwa, na Rasto akakaa kwenye benchi mvua zote mbili, akisoma magazeti yaliyofungiwa maandazi. Watoto walirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Tangu hapo alikuwa anatafuta kazi ya mshahara kama mtu anayetafuta maji, na kwa sababu ni Rasto, hakumwambia mtu yeyote.

Alichofanya ni kujiandikisha kwenye LinkedIn, ule mtandao ambao watu huvaa tai na kujisifu. Picha aliyoweka ilikuwa ya harusi yake. Alimkata mkewe Resty, ila mkono wa Resty ulibaki begani kwake, wenye kucha nyekundu, kiasi kwamba anayeitazama picha hushindwa kujua kama huyu bwana anapongezwa au anakamatwa. Chini yake akaandika: Mtaalamu Mkuu wa Forodha, Afrika Mashariki na Kati.

Jumatatu moja asubuhi simu ikalia. Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza safi cha Nairobi, na kwa Kiswahili chetu ulisema hivi: "Habari Bwana Ojiambo. Naitwa Lorine, kazi yangu ni kuzitafutia kampuni wafanyakazi. Nina mteja anayesafirisha dawa za hospitali kutoka Mombasa hadi Uganda na Sudan Kusini. Anatafuta mkuu wa mambo ya forodha, atakayesimamia mawakala wake wote wa mpakani, awafundishe, na aongee na mamlaka za nchi zote kwa niaba ya kampuni. Kazi iko Nairobi. Mshahara ni shilingi elfu tisini na tano za Kenya kwa mwezi kabla ya makato, pamoja na bima ya matibabu ya familia. Je, ungependa tuzungumze? Kama kuna jambo lisilokufaa, niambie tu nijue."

Rasto aliusoma pale ofisini, akaenda kuusoma chooni, akarudi akausoma nje kwenye jua. Dawa! Ni mara ngapi ameona lori la dawa likiungua jua siku tatu kwa sababu wakala mmoja mvivu aliandika namba ya bidhaa vibaya? Ni mara ngapi amelala akipanga vile angewafundisha hao wavivu, kama angepewa nafasi? Sasa amepewa. Aliitaka kazi hiyo, jamani. Aliitaka mpaka mate yakamkauka.

Ila Nairobi! Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Rasto ana nyumba ya matofali hapa Busia, haijapakwa rangi lakini haidai kodi. Resty ana duka la kushona sare za shule upande wa Uganda, na mama yake Resty ni mgonjwa kule Petta, karibu na Tororo, lazima aonwe kila wiki. Rasto alipiga hesabu. Elfu tisini na tano, toa makato, toa chumba cha kupanga Nairobi, toa nauli za kurudi nyumbani, toa chakula cha nyumba mbili. Kilichobaki hakikutosha hata kumtisha mwenye duka. Lakini pesa hizo hizo akiwa hapa hapa Busia, akila kwake na kulala kwake? Huo ungekuwa utajiri. Angepaka rangi hiyo nyumba.

Jioni akamwonyesha mkewe.

"Kazi nzuri," Resty alisema, akiwa na pini mdomoni. "Lakini mimi Nairobi siendi. Mama nitamwachia nani?"

"Hata mimi siendi."

"Sasa utawaambia nini?"

"Hayo niachie mimi," Rasto akasema. "Wewe shona. Kuna watu wanajua kuongea na watu."

Resty alimtazama kidogo, akaendelea kushona. Alikuwa ameolewa na huyu bwana muda wa kutosha kujua ni wakati gani maneno hupotea bure.

Mtu ambaye Rasto alikwenda kumwomba shauri hakuwa mwajiriwa wala mwajiri. Alikuwa Obbo, mbadilisha fedha kutoka Kirewa, upande wa Uganda, anayeshinda kwenye kiti cha plastiki karibu na geti la mpakani, mabunda ya shilingi za Uganda mapajani, akipungia wapita njia. Obbo hajawahi kuajiriwa hata siku moja, na kwa hiyo alikuwa na maoni mengi kuhusu ajira.

"Sikia mimi, mtu ya Samia," Obbo alisema baada ya kusomewa, maana Rasto ni wa kabila la Wasamia. "Hiyo pesa wao nasema kwanza, hiyo si pesa. Hiyo ni salamu."

"Hata mimi nimesema hivyo hivyo!"

"Mimi naona kila siku. Mtu nakuja na dola, mimi nasema bei ya chini. Yeye nakasirika, nakwenda. Mimi naita, naongeza. Sasa wewe kwenda tu. Wao naita."

"Na nikitaja ninachotaka?"

Obbo alishtuka kama mtu aliyeona nyoka kwenye bunda. "Wewe kusema bei ya kwanza, wewe nakufa! Usiseme kitu. Usionyeshe kwamba wewe napenda. Uso iwe kama ya mtu ya kaburi."

Basi wakakaa wawili hao, mmoja hana leseni na mwingine hana bosi, wakamtungia jibu binti wa watu aliyeuliza swali la kistaarabu. Walipomaliza, lilisema: "Nimepata ujumbe wako. Kazi si mbaya sana. Lakini kwa mshahara huo nawashauri mtafute mlinzi wa geti. Nina watu wengi wanaonitafuta hapa na nje ya nchi. Siku njema."

"Ongeza kidogo," Obbo akasema. "Iume."

Rasto akaongeza: "Na Nairobi yenyewe nimeichoka." Alikuwa amefika Nairobi mara mbili, na mara moja kati ya hizo hakushuka garini. Akatuma, akaweka simu mfukoni, akatembea polepole kurudi ofisini, masikio nyuma.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja chenye meza nne, printa moja inayokohoa, na kalenda ya duka la mbolea. Meza inayotazamana na ya Rasto ni ya Felistus. Naye yuko chini ya leseni ile ile ya tajiri wa Kisumu, naye alikaa kwenye benchi mvua zile zile. Ni mjane, ana sauti kubwa ya kwaya, na kwa Rasto ana dosari moja isiyosameheka: hajui kununua. Felistus akienda sokoni huuliza, "Mwisho ngapi? Mimi nina hii, na sina nyingine." Ikikubaliwa analipa, isipokubaliwa anasema asante anakwenda, na akiitwa harudi, maana tayari amesema alicho nacho. Rasto humwita Mama Bei Moja. Felistus hucheka tu, na hiyo humuudhi Rasto zaidi.

Kesho yake simu ikalia. Lorine alikuwa amejibu: "Asante kwa kuwa wazi, Bwana Ojiambo. Naelewa. Je, kuna kiasi ambacho kingekufaa? Na kuhusu mahali, kuna mpangilio wowote ambao ungekuwezesha? Niambie unachohitaji, nami nitamuuliza mteja. Siwezi kuahidi, lakini nitauliza."

Msomaji, soma tena maneno hayo. Mlango ulikuwa umefunguliwa, na mtu amesimama pembeni ameushika, anasema karibu. Hata kuku angeingia.

Rasto aliruka kutoka kitini. Akatoka mbio hadi kwa Obbo. "Ameita! Obbo, ameita!"

"Nilisema nini? Si nilisema? Sasa usigeuke. Mtu kugeuka mara ya kwanza ni mtoto. Endelea kwenda."

Kwa hiyo hakujibu. Siku hiyo yote alitembea na tabasamu la mtu mwenye siri. Siku ya pili pia. Alimwambia Felistus bila kuulizwa kwamba kuna kampuni kubwa ya Nairobi inamlilia, na kwamba yeye amewapa mgongo.

"Kazi gani?" Felistus akauliza.

Rasto akamweleza, kwa madaha, mambo ya dawa, mambo ya kufundisha mawakala.

"Hiyo ni kazi nzuri kabisa," Felistus akasema, na sauti yake ilipungua. "Umewaambia unataka nini?"

"Aa, mama yangu. Hivyo ndivyo wewe ulivyonunua lile jiko kwa bei ya gari."

Alhamisi ndipo alipoandika, tena maneno machache: "Ongezeni kwanza, ndipo tuongee." Mahali hakutaja. Busia hakuitaja. Ile hesabu yake ya kulala kwake na kula kwake, iliyomfurahisha hata akafikiria rangi ya nyumba, aliifungia ndani ya kifua kama pesa za bibi. Kuisema kungekuwa kuonyesha kwamba anataka, na anayetaka huuziwa ghali.

Lorine alijibu saa hiyo hiyo: "Bwana Ojiambo, siwezi kumpelekea mteja neno 'ongezeni' bila kiasi wala sharti. Atanicheka. Majina ya watakaohojiwa nayapeleka Ijumaa jioni. Ukinipa chochote kabla ya hapo, nitakiwasilisha."

"Ijumaa jioni!" Obbo alicheka mpaka bunda likamwanguka. "Wote nasema hivyo. 'Mzee nafunga duka, mzee nakwenda nyumbani.' Wewe naona duka nafungwa?"

Rasto naye alicheka. Niseme ukweli: Ijumaa mchana alikaribia kuokoka. Alikaa peke yake nyuma ya lori la chumvi, akaandika, "Dada Lorine, kazi hii naitaka, ila naomba iwe Busia." Akaitazama hiyo sentensi. Ilimwonyesha yuko uchi. Alijiona sokoni amekumbatia kiatu, anamwambia muuzaji kwamba hajawahi kuona kiatu kizuri namna hii maishani. Akaifuta yote, herufi kwa herufi. Jua likazama, na yeye hakutuma kitu.

Jumatatu iliyofuata, watu wakiwa wamejaa ofisini, simu ya Rasto ikalia. Namba ya Nairobi. Rasto aliitazama, akawatazama watu, akainua kidole kuwanyamazisha, kisha akabonyeza kipaza sauti ili kila mtu asikie namna mgongo unavyonunua. Obbo alikuwa amekuja kuomba maji ya kunywa, akabaki mlangoni na kikombe. Felistus hakuwepo, alikuwa geti na dereva.

"Bwana Ojiambo, habari za asubuhi. Ni Lorine."

"Nzuri. Sema haraka, nina watu."

"Sitakuchelewesha. Nimepiga kukushukuru kwa muda wako. Nimeandika kwamba nafasi hii haikukuvutia, na hakuna tatizo hata kidogo. Nitaweka jina lako, pengine siku moja litatokea jingine. Nilikuwa na ombi dogo tu. Mmoja wa wale niliowapata amejitoa. Je, kuna mtu mwingine hapo mpakani unayemjua, mwenye uzoefu, ambaye ningeweza kumwandikia?"

Mtu yeyote mwenye akili timamu angesikia mlango unajifunga na angeweka mguu. Rasto alisikia kitu kingine kabisa. Alisikia hila ya mwisho ya muuzaji, ile ya kujifanya anamgeukia mteja mwingine. Na kila anayenunua Busia anajua dawa ya hila hiyo: unamwonyesha muuzaji huyo mteja mwingine aliye mbovu, aone mwenyewe anachopoteza. Rasto akamkonyeza Obbo.

"Yuko mmoja," akasema kwa sauti ya kujaa. "Kuna mama anaitwa Felistus. Huyo mpigieni. Huyo hata mkimlipa kwa mihogo atakubali."

Ofisi ikaangua kicheko. Lorine hakucheka. "Ana uzoefu wa mizigo ya dawa?"

"Anao, anao. Amezitoa miaka yote. Hilo siwezi kumnyima." Rasto alikuwa amenogewa. Akataja na namba ya simu, taratibu, akiirudia mara mbili ili binti aiandike sawasawa.

"Asante sana, Bwana Ojiambo. Umenisaidia kweli." Simu ikakatika.

"Sasa nakuja," Obbo akasema, akinywa maji. "Kabla ya jua kuzama, yeye nakuja na pesa mpya."

Jua lilizama. Siku hiyo, na iliyofuata, na wiki ikaisha. Rasto aliangalia simu akila, aliangalia simu kanisani, aliangalia simu akiwa katikati ya kuongea na afisa wa forodha, hadi afisa akamuuliza kama ana mgonjwa nyumbani. Alianza kumchukia Lorine kwa uvivu wake wa kuita. Akamwambia Obbo kwamba watu wa Nairobi siku hizi hawajui biashara. Obbo akakubali, lakini alikubali akiwa ameangalia pembeni.

Wiki mbili baadaye, saa ya chakula, Felistus aliingia ofisini na sufuria. Ilikuwa na kuku, si robo wala nusu, kuku mzima wa kienyeji, na nyuma yake mwenye boda alibeba kreti ya soda. Akaiweka sufuria juu ya meza ya Rasto, juu ya hati za lori la saruji, na akaanza kupiga makofi ya kwaya.

"Ndugu zangu, njooni mle! Leo namshukuru Mungu, halafu namshukuru huyu."

Akamwekea Rasto mkono begani. Rasto akauangalia ule mkono.

"Huyu mnamwona kelele tupu," Felistus akasema, "lakini ana moyo. Alipigiwa simu na watu wa Nairobi wakitaka mtu wa kazi. Angeweza kunyamaza. Angeweza kumtaja ndugu yake. Akatoa jina langu na namba yangu, bila hata kuniambia. Nimepata ile kazi, jamani! Mkuu wa forodha, dawa!"

Walioisikia ile simu siku ile walitazamana. Mmoja alianza kukohoa na ikabidi atolewe nje. Obbo, ambaye harufu ya kuku ilimvuta kutoka geti, alisimama mlangoni mdomo wazi.

"Nairobi?" Rasto akauliza. Sauti ilitoka nyembamba. "Unahamia Nairobi?"

"Nairobi nifanye nini na wanangu wako shule hapa? Niko Busia. Nitakuwa na chumba kule juu, mkabala na benki."

"Lakini kazi ilikuwa ya Nairobi."

"Ilikuwa. Si niliwaambia siwezi?" Felistus akatoa simu, kwa furaha tu, bila ubaya wowote, na akasoma kwa sauti ile ya kwaya jibu alilomwandikia Lorine siku ile ile alipoandikiwa, akiwa amesimama geti na dereva: "Dada Lorine, asante kwa kunifikiria. Kazi hii naitaka sana. Nairobi siwezi kuhamia kwa sababu ya watoto, na pia malori yenu yanakwama hapa, si huko. Kama kazi inaweza kukaa Busia, nikawa nakuja Nairobi mara moja kwa mwezi kwa gharama ya kampuni, mshahara mliotaja unanitosha. Kama ni lazima iwe Nairobi, nitahitaji laki moja na nusu, chini ya hapo sitaweza kuishi, na hatutalaumiana. Naomba umuulize mteja wako. Mungu akubariki."

"Na wakakubali?" mtu akauliza.

"Lorine aliniambia alipompelekea mteja, mteja akasema, hata sisi hatujui ni kwa nini tuliandika Nairobi. Mtu aliyekuwepo zamani alikuwa anakaa huko, basi kila mara huandika hivyo. Hakuna aliyewahi kuwauliza. Wakanihoji kwa video, wakaniuliza mambo ya dawa zinazosafirishwa kwenye baridi, nikawajibu. Ndiyo hiyo."

"Pesa ile ile?" Obbo akauliza kwa uchungu wa mtu aliyeona imani yake ikichomwa moto. "Hawakuongeza hata kidogo?"

"Sikuwaomba waongeze. Nilale kwangu, nile kwangu, elfu tisini na tano? Obbo, mimi ni tajiri sasa! Rasto, kula bwana. Paja ni lako."

Naye Rasto akala. Angefanya nini? Watu wote walikuwa wanamtazama, na paja lilikuwa limewekwa mbele yake kwa heshima zote. Alitafuna kwa muda mrefu sana. Felistus akamwombea dua hapo hapo, akamwomba Mungu amfungulie ndugu Rasto mlango kama alivyowafungulia wengine, na ofisi nzima ikaitikia amina, wengine wakiwa wameuma midomo. Hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Angempata mtu wa kumkasirikia, lile paja lingepita.

Alipofika nyumbani, Resty alikuwa ameshajua. Busia habari huvuka mpaka bila pasipoti. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, sare ya mtoto mapajani, anakaza vifungo, na hakuinua macho.

"Felistus amepata," Rasto akasema.

"Nimesikia."

"Kwa pesa ile ile. Hapa hapa."

"Nimesikia." Resty akakata uzi kwa meno. "Yeye aliwaambia anataka Busia. Wewe uliwaambia nini?"

"Niliwaambia waongeze."

"Waongeze kiasi gani?"

"Sikusema kiasi."

"Na wangeongeza, ungehamia Nairobi?"

Rasto alikaa chini kando yake. "Hapana," akasema.

"Sasa ulikuwa unabishania bei ya nini?"

Rasto alitazama ukuta wa matofali usiopakwa rangi. Akafuta uso kwa kiganja, haraka, lakini Resty aliona.

"Ile kazi nilikuwa naitaka, Resty," akasema. "Nilikuwa naitaka sana."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa mdomo wake tangu Jumatatu ile ya ujumbe.

"Mimi nilijua," Resty akasema. "Yule msichana ndiye hakujua, na aliuliza."